Swali la 3: Mushāraka ya boti (alama 20)

Haya, hili ndo lile la mushāraka nililowaambia linakuja, kalkuleta ruksa ila nataka nione njia.

Salumu wa Malindi Unguja anataka boti ya kuvulia na mashine yake, jumla shilingi milioni 60, yeye anazo 18 tu, shangazi yake Bi Mwanahawa katia 12 na benki ya Kiislamu ikamalizia 30. Kazi yote anafanya Salumu, hao wengine hawagusi hata kamba. Wakaandikiana faida igawiwe benki 40%, Salumu 40%, Bi Mwanahawa 20%. Mwaka wa 1 faida milioni 15, mwaka wa 2 kusi kali, mashine ikafa, wakala hasara milioni 10.

(a) Gawa faida ya mwaka wa 1 kama walivyoandikiana. (alama 3)

(b) Gawa hasara ya mwaka wa 2. Salumu anadai abebe 40% "kama kwenye faida", mjibu. (alama 6)

(c) Mshafii anasema hata faida lazima ifuate mtaji, Mhanafi anaukubali huo mkataba. Kila mmoja ana hoja gani, na kwa Mshafii Salumu angepata ngapi mwaka wa 1? (alama 6)

(d) Benki inataka kipengele kiongezwe, ilipwe milioni 3 kila mwaka boti ipate isipate. Inafaa? Na ingekuwaje kama mashine ilikufa kwa sababu Salumu hakutia oili? (alama 5)

Ukiandika "haramu" bila sababu, sifuri.