Skurubu Iliyopungua

Mwalimu aliiweka laptopu juu ya meza lakini mkono wake haukuiachilia. Alikuwa ametoka Ahero kwa matatu ya alfajiri hadi Kisumu mjini.

"Fundi, nimeambiwa bodi imekufa, nitafute nyingine ya elfu 14. Na alama za watoto wote zimo humu."

"Tuipime kwanza, Mwalimu," Odhiambo alisema.

Alichomeka chaja. Taa ya chaja ikazimika papo hapo. Alipochomoa, ikawaka tena baada ya muda. Akapata matumaini. Chaja ikijizima hivyo imekutana na shoti, na shoti ina mahali inapokaa.

Alifungua kifuniko cha chini, akachomoa betri kabla ya kugusa kitu kingine. Mita ikasoma omu 0.6 kati ya njia ya volti 19 na graundi. Waya za mita zenyewe zilikuwa na 0.2. Bodi isiyo na hitilafu husoma maelfu ya omu hapo.

Kwenye njia hiyo kapasita nyingi zimeungwa sambamba, kwa hiyo moja ikipiga shoti mita huzionyesha zote kuwa mbovu. Ukizing'oa moja moja utaichosha bodi kwa moto. Odhiambo alitega pawasaplai volti 1, mkondo usizidi ampea 3. Hakuthubutu kuweka 19: kama transista inayolisha prosesa ingekuwa imetoboka, volti zote hizo zingeingia moja kwa moja kwenye prosesa, na bodi ingekufa kweli. Akaipaka bodi spiriti ili penye shoti pajionyeshe kwa joto, akawasha pawasaplai.

Bodi ilibaki imelowa. Kando ya tundu la chaja, doa moja likakauka upesi.

"Sogea uone, Mwalimu."

Chini ya lenzi kulikuwa na kapasita ya kahawia, urefu wa milimita 2, yenye ufa mwembamba pembeni. Aliipasha kwa hewa ya moto, digrii 350, akainyanyua kwa kibanio. Mita ikaruka hadi kilo-omu 140. Akaziba pengo kwa nyingine kutoka bodi chakavu: maikrofaradi 10, volti 25.

"Ni hiki kipunje tu?"

"Ndicho. Lakini hakikuungua, kimekunjwa." Aligusa tundu la skurubu karibu na soketi ya chaja. Lilikuwa tupu, limejaa vumbi. "Iliwahi kufunguliwa?"

"Mwezi wa nne. Kusafishwa feni."

"Basi skurubu hii haikurudishwa. Kila ukichomeka chaja, bodi inainama hapa. Kapasita hizi ni za kauri, hazijui kuinama."

Alichakura kwenye kopo, akaitupa ya milimita 6 kwa sababu ingegota chini kabla ya kuibana bodi, akachukua ya milimita 4. Betri, kisha chaja. Taa haikuzimika. Faili za darasa zikajipanga kwenye skrini.

Odhiambo alipoanza kurudisha kifuniko, Mwalimu alivaa miwani yake, akainama juu ya meza, akawa anahesabu kwa sauti: "Moja. Mbili. Tatu…"