Maembe Makavu kutoka Kisumu: Muhtasari wa Slaidi za Ombi la Ruzuku

Slaidi 1: Sisi ni nani
Picha ya akina mama wakimenya maembe. Maneno machache tu: wanachama 26, Kisumu.

Slaidi 2: Tatizo
Msimu wa maembe ukifika, soko la Kibuye hufurika, bei huanguka, na mengine huozea gunini. Mwenyekiti aeleze hili kwa mdomo. Anajua soko kuliko slaidi yoyote.

Slaidi 3: Bidhaa
Pitisheni sahani, waonje. Maembe, ndizi na mananasi, bila sukari ya kuongezwa.

Slaidi 4: Kinachotukwamisha
Hapa tukae. Tunaanika kwenye meza za wavu juani. Mvua ikinyesha mchana, vipande hubaki na unyevu na huota ukungu. Kilo 10 za maembe hutoa takriban kilo 1 makavu, kwa hiyo trei moja ikiharibika, hasara ni kubwa. Tena, bila alama ya ubora ya KEBS, supamaketi hazitupokei.

Slaidi 5: Ombi, Sh1,200,000
Vikaushio viwili vya jua vyenye tanuri ya akiba: 760,000
Mashine ya kufungia mifuko, mizani na vifungashio: 300,000
Vipimo vya maabara na alama ya ubora: 140,000
Sisi tunatoa kibanda, kazi na Sh150,000 za akiba. Wataulizia hesabu, mweka hazina aje na daftari.

Slaidi 6: Baada ya ruzuku
Mauzo yatagharimia matengenezo. Ripoti kila robo mwaka.