Mwaliko wa Harusi ya Baraka na Neema (Nakala Iliyosahihishwa)

Ndugu yetu mpendwa,

Kadi ya mwanzo iliandikwa "saa 8" tu, bila kutaja mchana wala usiku. Bibi yetu wa Kilosa alipiga simu kuuliza apande treni ya lini, na tukaona kosa ni letu. Tunaomba radhi. Ile ya kwanza ifute, utunze hii.

Baba na Mama Baraka wa Tabata, pamoja na ukoo wote, wanayo furaha kukualika katika harusi ya kijana wao mpendwa

BARAKA

atakayefunga ndoa takatifu na

NEEMA

binti wa Baba na Mama Neema wa Kigamboni.

Ibada ya ndoa: Jumamosi, tarehe 12 Desemba 2026, saa 8:00 mchana, Kanisa Kuu la KKKT Azania Front, Posta ya Zamani. Kwa mnaotoka ughaibuni, simu zenu zitaonyesha 14:00. Tafadhali uwe umeshakaa saa 7:30, maana bibi harusi akishaingia hatutapenda mtu apishane naye mlangoni.

Sherehe: siku hiyohiyo, saa 12:30 jioni hadi saa 5:30 usiku, ukumbi wa Mlimani City, Barabara ya Sam Nujoma. Kutoka mjini jioni foleni ni kubwa, kwa hiyo ibada ikiisha usikawie. Maharusi wataingia saa 1:30 usiku na chakula kitafuata.

Mavazi: rangi zetu ni kijani na dhahabu. Huna? Vaa nguo yako nzuri ya heshima, iwe kitenge, gauni, suti au kanzu, na utakuwa umependeza. Usishone nguo mpya kwa ajili yetu. Nyeupe tu ndiyo tunaomba umwachie Neema.

Kadi hii ni ya watu wawili: wewe na mwenzi wako, au ndugu mmoja utakayemchagua. Watoto tunawakaribisha sana kanisani. Ukumbini viti ni vya watu wazima, isipokuwa watoto wanaonyonya.

Majibu: tunaomba jibu lako kabla ya Jumapili, tarehe 22 Novemba 2026, kwenye namba ileile ya Watsapu iliyokutumia kadi hii. Andika majina ya watakaokuja, na kama kuna asiyekula nyama au mwenye kisukari, tutajie, mpishi amtengee chake. Mfano: "Tutakuja wawili, mimi na Mama Asha. Mmoja hali nyama." Kama hutaweza kuja, tuambie pia bila kuona haya, kiti chako tutampa ndugu mwingine, na undugu wetu uko palepale. Wazee wasiotumia Watsapu, shangazi yake Baraka atawapigia mmoja mmoja.

Aliyetoa mchango na aliyeshindwa, wote ni wageni wetu sawasawa. Mlangoni hakuna atakayeulizwa chochote zaidi ya kadi hii, iliyochapwa au iliyo kwenye simu.

Karibu sana.

Baba na Mama Baraka
Tabata, Dar es Salaam