Maombi ya Kuahirisha Kuanza Masomo ya Uzamili na Kuhifadhiwa Ufadhili kwa Mwaka Mmoja

Rehema Mhando,
Halmashauri ya Wilaya ya Muheza,
Muheza, Tanga.

18 Septemba 2024

Mkurugenzi,
Shahada za Uzamili na Utafiti,
Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo,
S.L.P. 3000,
Morogoro.

K.K.: Mkuu wa Ndaki,
Ndaki ya Misitu, Wanyamapori na Utalii.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAOMBI YA KUAHIRISHA KUANZA SHAHADA YA UZAMILI YA MISITU KUTOKA MWAKA WA MASOMO 2024/2025 HADI 2025/2026, NA KUHIFADHIWA UFADHILI

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni Afisa Misitu katika Wilaya ya Muheza. Mwezi Agosti mwaka huu nilipokea barua ya kudahiliwa katika Shahada ya Uzamili ya Misitu, pamoja na ufadhili wa miaka miwili kupitia mradi wa utafiti wa misitu ya asili ulio chini ya Ndaki. Nilijibu kwa maandishi kwamba nimekubali. Natakiwa kuripoti Morogoro tarehe 28 Oktoba 2024.

Ninaomba kuripoti mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2025, kwa kuwa katika wiki ya tarehe 18 Novemba mwaka huu nitafanyiwa upasuaji katika Hospitali ya Taifa Muhimbili wa kutoa figo moja, ambayo atapandikizwa mdogo wangu wa kiume.

Mdogo wangu ana miaka 24. Ni fundi umeme. Mwezi Januari alianza kuvimba uso kila akiamka, kisha miguu, na alikuwa akichoka hata kwa kupanda ngazi ya kazini kwake. Sisi nyumbani tulidhani ni malaria isiyoisha. Alipopimwa shinikizo la damu likakutwa 210 kwa 120, na vipimo vya damu vikaonyesha kwamba figo zote mbili zimeshindwa kazi. Daktari alitueleza kwamba huenda aliishi na shinikizo hilo kwa miaka bila kujua, maana halina maumivu. Tangu Machi anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na anaishi kwa shangazi yetu Mbagala ili awe karibu na hospitali. Mimi na mama tunapokezana kwenda kumuuguza. Siku za kusafishwa harudi na nguvu ya kufanya lolote, na siku ya pili yake akianza kupata nafuu, kesho yake ni zamu tena. Kazi ameacha. Familia imeuza sehemu ya shamba la michungwa alilotuachia baba, na fedha hiyo inakaribia kwisha.

Naomba nieleze kwa nini anayetoa figo ni mimi, kwa sababu najua swali hilo litaulizwa. Mchangiaji anatakiwa awe ndugu. Mdogo wangu ana kundi la damu O, na mtu wa kundi O hupokea figo ya mtu wa kundi O. Mama ni O, lakini ana kisukari, na mwenye kisukari haruhusiwi kutoa. Dada yetu mkubwa ni kundi A. Baba alifariki mwaka 2016. Nimebaki mimi. Mwezi Juni na Julai nilifanyiwa vipimo vya kulinganisha tishu, vya moyo, vya mkojo na picha za figo zangu, na tarehe 9 Septemba jopo la madaktari likanipitisha. Kabla ya kupitishwa niliitwa chumbani peke yangu, mama akiwa nje, nikaulizwa kama kuna anayenilazimisha au aliyeniahidi chochote, na nikaambiwa naweza kukataa hata siku ya upasuaji yenyewe bila familia kuelezwa sababu. Nilijibu kwamba nimeamua mwenyewe. Nalirudia hapa ili Chuo kisidhani kwamba ninaandika barua hii kwa shinikizo la nyumbani.

Nilipokea barua yenu ya udahili wiki tatu kabla ya kupewa tarehe ya upasuaji. Nimejaribu kila njia ya kuyafanya yote mawili kwa pamoja kabla ya kuandika.

Wazo la kwanza lilikuwa kuripoti Oktoba, kusajiliwa, kisha kuomba ruhusa ya wiki chache. Haliwezekani. Kuanzia tarehe 4 Novemba natakiwa niwe Dar es Salaam kwa vipimo vya mwisho, kwa kuwa kipimo cha kuchanganya damu yangu na yake hurudiwa karibu na siku ya upasuaji. Baada ya hapo nitalazwa takriban wiki moja, na kwa wiki 6 hadi 12 sitaruhusiwa kubeba kitu kizito wala kusafiri safari ndefu bila ushauri wa daktari. Muhula wa kwanza ndio wenye takwimu za misitu na mbinu za utafiti, masomo ambayo mengine yote yanayategemea. Nikiyakosa nitakuwa mwanafunzi wa kubebwa na wenzangu, nami sitaki kuutumia ufadhili wa mradi namna hiyo.

Wazo la pili lilikuwa kuishi Dar es Salaam na kuja Morogoro kwa treni. Tangu SGR ianze safari zake mwezi Juni, ni mwendo wa chini ya saa mbili, na nilikaa na karatasi nikapanga ratiba ya wiki nzima. Kilichonizuia ni hali ya mdogo wangu baada ya upasuaji. Mwezi wa kwanza atahudhuria kliniki mara mbili kwa wiki, kisha mara moja kwa wiki hadi mwezi wa tatu. Atakunywa dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, saa moja asubuhi na saa moja jioni, bila kuruka hata mara moja, na atazinywa maisha yake yote. Dawa hizo hupunguza kinga ya mwili, kwa hiyo katika miezi hiyo homa ndogo tu ni sababu ya kukimbilia hospitali. Anahitaji mtu wa kumpikia, kuchemsha maji, kupima joto na shinikizo na kuandika kwenye daftari. Mama ana miaka 61 na macho yake hayasomi tena maandishi ya chupa za dawa. Dada ana mtoto wa miezi minne. Shangazi anauza samaki Feri na hutoka nyumbani kabla ya alfajiri. Mtu huyo ni mimi, nikiwa mwenyewe ninapona, na binamu yetu atakayetusaidia kazi nzito wakati wa likizo yake ya Desemba.

Wazo la tatu lilikuwa kuanza muhula wa pili. Nilimuuliza kwa simu mratibu wa programu, naye akanieleza kwa upole kwamba masomo ya muhula wa pili yanajengwa juu ya yale ya kwanza. Nakubaliana naye.

Kuhusu afya yangu, nilimuuliza daktari bingwa wa figo swali moja tu: je, nitaweza kurudi msituni? Alinijibu kwamba mtu mwenye figo moja nzima huishi na kufanya kazi kama kawaida. Natakiwa kunywa maji ya kutosha, kuepuka dawa za maumivu aina ya diklofenaki, na kupima shinikizo na mkojo kila mwaka. Kufikia katikati ya mwaka 2025 anatarajia niweze kupanda milima kama nilivyozoea. Maelezo yake yapo kwenye kiambatisho.

Sasa naomba niseme kuhusu utafiti wenyewe, maana sitaki mwaka huu uonekane kama nimepunguza hamu. Nimekulia chini ya milima ya Usambara Mashariki. Nimetembea Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani tangu nikiwa msichana wa kuokota kuni pembezoni mwake, kabla sijajua kwamba kuna watu wanaosomea misitu. Miti ya mhesi, ambayo ililetwa na kupandwa huko, imeingia ndani kabisa ya msitu wa asili, na hondohondo wanaokula matunda yake wanazidi kuzisambaza mbegu. Pendekezo langu la utafiti linauliza ni miche gani ya asili inayoota chini ya mhesi mkubwa, na kama kuiondoa mhesi taratibu kunaisaidia miche hiyo au kunaleta magugu. Swali hili nimelibeba kwa miaka sita ya kazi. Mwaka mmoja hautalifuta. Wakati wa kupona nitasoma makala ambazo msimamizi niliyepangiwa ameniorodheshea, na kuanzia Julai 2025, daktari akiruhusu, nitatembelea maeneo ya sampuli yaliyo wilayani kwangu kwa gharama zangu, ili nikija Morogoro niwe na picha kamili ya hali ilivyo.

Kuhusu ufadhili, naelewa kwamba fedha za mradi zina mwisho wake. Kwa mujibu wa barua ya ufadhili, mradi unaendelea hadi Desemba 2027. Nikianza Oktoba 2025 nitamaliza miaka miwili ndani ya muda huo, ingawa bila nafasi kubwa ya kuchelewa, na naahidi kuwasilisha andiko la utafiti kabla ya mwisho wa muhula wangu wa kwanza ili muda usitupite. Sijapokea posho wala fedha yoyote hadi leo, hivyo hakuna cha kurejesha wala cha kurekebisha katika hesabu za mwaka huu.

Ikiwa mradi hauwezi kusubiri, basi naomba mambo mawili yatenganishwe. Ufadhili apewe mwombaji anayefuata kwenye orodha, bila mimi kuwa kikwazo kwake, na nafasi yangu ya masomo ihifadhiwe. Nitatafuta ada kwa njia nyingine. Litanigharimu sana, na ningefurahi zaidi lisitokee, lakini nataka mjue kwamba bado nitakuja.

Mwajiri wangu ameshakubali kusogeza ruhusa yangu ya masomo hadi Oktoba 2025, na barua yake nimeiambatisha. Anachohitaji kutoka kwenu ni uthibitisho wa maandishi wa tarehe mpya.

Ninaomba, kama inawezekana, kupata jibu kabla ya tarehe 25 Oktoba. Baada ya tarehe 4 Novemba nitakuwa hospitalini mara kwa mara na huenda nisiweze kujibu haraka. Kwa kipindi hicho dada yangu, ambaye nimemtaja kwenye fomu ya udahili kama ndugu wa karibu, anaweza kupokea taarifa kwa niaba yangu. Ikiwa kuna fomu maalumu ya kuahirisha, au mnahitaji nifike Morogoro mwenyewe kuitia saini, naweza kuja siku yoyote kabla ya mwisho wa Oktoba.

Natanguliza shukrani zangu za dhati kwa muda wenu na kwa nafasi mliyonipa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Rehema Mhando

Viambatisho:
Barua ya udahili na barua ya ufadhili, Agosti 2024
Barua ya hospitali yenye tarehe ya upasuaji na maelezo ya muda wa kupona
Barua ya mwajiri ya kusogeza ruhusa ya masomo
Nakala ya pendekezo la utafiti

Nakala kwa:
Mkuu wa Mradi wa Utafiti wa Misitu ya Asili
Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Muheza