Orodha ya Ukaguzi wa Kazi ya Mkandarasi wa Usafi: Jengo la Ofisi, Sakafu Nne

Kwa: wasimamizi wa zamu ya alfajiri
Kutoka: Mkuu wa Huduma za Jengo
Kuanza kutumika: Jumatatu ijayo

Orodha hii inachukua nafasi ya karatasi ya zamani iliyokuwa na visanduku viwili tu, "safi" na "si safi". Karatasi ile ilijazwa "safi" kila siku kwa wiki sita, huku watu wa sakafu ya pili wakilalamika kuhusu harufu ya choo. Kosa halikuwa la aliyeijaza. Karatasi haikumwambia aangalie wapi wala aandike nini. Hii inamwambia.

Muda na vifaa

Mkandarasi anakabidhi jengo saa 11:00 alfajiri. Ukaguzi unaanza saa 11:15, sakafu zikiwa zimekauka, na unamalizika saa 12:30. Kazi ya kurudiwa ikamilike kabla ya saa 1:30 asubuhi, kwa sababu ofisi zinafunguliwa saa 2:00.

Beba tochi, kitambaa cheupe cha pamba, kioo kidogo chenye mpini, glavu na simu ya kupigia picha. Ukikosa tochi usianze, nenda kaichukue. Taa za dari huficha mengi.

Tembea pamoja na kiongozi wa zamu wa mkandarasi. Akiona kwa macho yake, hakuna mabishano baadaye.

Alama nne

- S: sawa.
- R: irudiwe leo kabla ya saa 1:30.
- J: kasoro ya jengo, si ya usafi. Bomba linalovuja, flashi iliyokufa, kigae kilichopasuka, taa iliyoungua.
- H: hatari. Kazi inasimama hapo hapo na mimi napigiwa simu.

Naomba alama ya J itumike kwa haki. Doa la kutu chini ya bomba linalodondoka litarudi kesho hata likisuguliwa usiku kucha, na kumwandikia mkandarasi R kwa doa hilo ni kumwonea. Vilevile, J isiwe mahali pa kufichia uvivu: kutu ikiwa J, vumbi lililo pembeni yake bado ni R.

1. Vyoo (vyumba vyote 9, kila siku, bila kuruka hata kimoja)

Ingia, funga mlango, simama kidogo kabla ya kugusa chochote. Vuta pumzi. Harufu kali ya manukato isikuridhishe, maana mara nyingi imepulizwa kufunika kitu. Choo kilichosafishwa vizuri karibu hakinuki chochote.

- Ndani ya bakuli, chini ya ukingo wa juu: tumia kioo na tochi. Uchafu wa kahawia au wa njano unaojificha hapo ndiyo chanzo cha kwanza cha harufu.
- Bawaba za kifuniko na sehemu ya nyuma ya kiti: inua vyote viwili. Pasiwe na matone yaliyokauka.
- Sehemu ya nje ya bakuli hadi sakafuni, hasa upande wa nyuma unaotazamana na ukuta.
- Ukuta na sakafu kuzunguka sehemu za kukojolea za wanaume: pitisha kitambaa cheupe kwenye mistari ya vigae. Kikitoka na rangi ya njano, andika R.
- Kitufe au mpini wa flashi, kitasa cha ndani, komeo la mlango: hivi hushikwa na kila mtu kabla ya kunawa. Vipanguswe kwa dawa, si kwa kitambaa kikavu.
- Flashi: vuta kila moja. Isipofanya kazi, J.
- Beseni la kunawia: angalia tundu la maji na shingo ya bomba. Utando mweupe wa chokaa ukiwa mwembamba ni R. Ukiwa mgumu kama jiwe, andika "usafi wa kina" na uuweke kwenye ratiba ya Jumamosi.
- Kioo: kitazame ukiwa pembeni, si mbele yake. Michirizi huonekana kwa pembeni.
- Sabuni ya kunawia na karatasi: bonyeza kitoa sabuni, vuta karatasi. Kuviona kwa macho hakutoshi, kitoa sabuni kinaweza kuwa kimejaa na kimeziba.
- Pipa la taka za usafi wa kike: limwagwe, mfuko uwe mpya, na mfuniko upanguswe juu na chini.
- Tundu la sakafuni: mulika tochi ndani. Lazima uone maji yanang'aa.

Hili la mwisho ndilo lililotusumbua sakafu ya pili. Chini ya tundu kuna kona ya bomba inayoshika maji, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya bomba la maji machafu isipande chumbani. Choo kisichotumika sana, au sakafu inayodekiwa bila kumwagiwa maji, kona hiyo hukauka na harufu huingia. Tulibadilisha dawa mara mbili bure. Sasa mkandarasi anamwaga maji lita 2 katika kila tundu kila Jumatatu na Alhamisi. Ukikuta pakavu siku hizo, R. Ukikuta pakavu na maji yamemwagwa, J, kwa sababu bomba lina tatizo.

2. Dawa na vifaa vya kazi (stoo ya kila sakafu)

Sehemu hii haikuwepo kabisa kwenye karatasi ya zamani, nami naipa uzito kama vyoo. Uso unaong'aa hauwezi kukuambia kama umepanguswa na kitambaa kilichotoka chooni. Stoo itakuambia.

- Rangi za vitambaa na ndoo zifuatwe: nyekundu kwa vyoo na sakafu zake, njano kwa mabeseni na sehemu nyingine za chooni, kijani kwa jiko, buluu kwa ofisi na korido. Kitambaa chekundu kikionekana jikoni ni H, hata kama ni kikavu.
- Dekio zimefuliwa na kutundikwa kichwa chini, hazijaachwa ndani ya maji. Inusie moja. Ikinuka uvundo, jana ilisambaza uvundo huo sakafuni.
- Ndoo zimemwagwa na kufunikwa kifudifudi.
- Kila chupa ya kupulizia ina jina la dawa na tarehe ya kuchanganywa. Chupa isiyo na jina inaondolewa stoo.
- Dawa ya klorini imechanganywa leo. Yetu ina nguvu ya 5%, na kipimo cha vyooni ni mililita 200 katika maji yanayofanya jumla ya lita 10, yaani 0.1%. Mchanganyiko wa jana umwagwe, nguvu yake hupungua.
- Uliza kiongozi wa zamu: uso ulisuguliwa kwa sabuni kwanza kabla ya klorini? Uchafu hula nguvu ya klorini, hivyo kuipaka juu ya uchafu ni kupoteza dawa.
- Muda wa kuiacha dawa ikiwa mbichi juu ya uso ni ule ulioandikwa kwenye chupa. Akikuambia "tunapaka na kupangusa papo hapo", andika R kwa vyoo vyote vya sakafu hiyo.
- Klorini na dawa ya choo yenye asidi haziwekwi rafu moja na hazichanganywi kamwe. Zikikutana hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Ukisikia harufu kali inayowasha macho, toa watu wote, fungua madirisha, H.

3. Jiko dogo (sakafu ya kwanza na ya tatu)

Fungua maikrowevu na utazame dari yake ya ndani. Pitisha kidole kwenye mpira wa mlango wa friji. Inua birika uone chini yake. Sponji ya kuoshea vyombo ibadilishwe kila Jumatatu. Pipa la taka litolewe mfuko na lioshwe ndani, si kubadilishwa mfuko tu. Makabati ya juu hayamo kwenye mkataba, usiyaandikie R.

4. Ofisi

Kila sakafu ina vyumba 20. Kagua 5, tofauti kila siku, na usimwambie mtu mapema ni vipi. Vyumba 2 kati ya 5 vikipata R, kagua vyote 20.

- Kitambaa cheupe juu ya fremu ya mlango, juu ya kabati na nyuma ya skrini.
- Kitasa, swichi ya taa, mikono ya viti.
- Chini ya meza kwenye kona, pale nyaya zinapojikusanya.
- Mapipa: mifuko mipya, hakuna kilichoganda chini. Usiingize mkono ndani ya mfuko wa taka, kunaweza kuwa na kioo au wembe.
- Karatasi za watu mezani zisiwe zimesogezwa. Tuliahidi hivyo.

5. Sakafu, ngazi na korido

Weka tochi chini karibu kugusa sakafu, mwanga uende mbele. Mchanga, nywele na michirizi ya dekio vitajitokeza vyenyewe. Angalia kona za ngazi na nyuma ya milango. Sakafu ya terazo ya mapokezi isiguswe na dawa yoyote ya asidi, kwa kuwa ina chokaa na asidi huila. Doa jipya lisilo na mng'ao hapo ni H. Kibao cha tahadhari kiwe kimesimama popote palipo na maji. Reli za ngazi na vitufe vya lifti vipanguswe kila siku, vioo vya mlango mkuu pia. Madirisha ya nje ni kila mwezi, yaache.

Namna ya kuandika

Andika mahali, kitu na ulichokiona. Mfano usiofaa: "Choo cha wanaume kichafu." Mfano unaofaa: "Sakafu ya 2, choo cha wanaume, bakuli la tatu kutoka mlangoni, uchafu wa njano chini ya ukingo. R. Saa 11:40. Picha ipo." Mfanyakazi akisoma huo wa pili anakwenda moja kwa moja.

Picha ipigwe kabla na baada, mahali pale pale. Usipige picha ya mfanyakazi.

Usipanguse mwenyewe ulichokikuta, hata kiwe kidogo. Ukipangusa, kesho kitakuwepo tena na hakuna atakayejua. Na usimkaripie mfanyakazi kwenye korido. Mwambie kiongozi wa zamu, kwa sauti ya kawaida. Wengi wao wamefanya kazi tangu saa 4 usiku.

Palipo sawa, sema pia. Ukikuta choo kimefanywa vizuri kuliko kawaida, andika jina la zamu kando ya S.

Baada ya ukaguzi

R zote zikaguliwe tena na msimamizi yule yule aliyeziandika, saa 1:00 hadi 1:30. Iliyosahihishwa ipewe S yenye saa yake, lakini R ya kwanza isifutwe. Kitu kimoja kikipata R mara 3 katika wiki moja, nitamwandikia mkandarasi barua. Makato ya malipo ni kazi ya ofisi yangu, msimamizi asiyataje wala asitishie nayo.

Orodha za J zifike kwa fundi wa jengo kabla ya saa 2:30. Msimamizi na kiongozi wa zamu wote wasaini. Kiongozi asipokubaliana na alama fulani, aandike sababu yake chini ya alama hiyo kisha asaini. Nakala moja anabaki nayo yeye, nyingine iletwe mezani kwangu.