Simamisheni malipo ya cheki namba 000418

Asalaam aleikum bwana meneja, naomba sana msimamishe cheki namba 000418 ya akaunti yangu ya biashara inayoishia 7731, shilingi 86,500, tarehe 5/6/2025, nilimwandikia fundi wa jahazi wa Matondoni. Imepotea jana kwenye boti ya kutoka Mokowe, bahasha ilikuwa kwa kijana wangu wa duka na kufika jeti zipu ya mkoba iko wazi, na cheki yenyewe haina ile mistari miwili kwa hivyo mtu aweza kuja dirishani akaomba keshi, ndio nikasema niwaandikie sasa hivi kabla hamjafungua. Waambieni matela wote, na matawi ya Malindi na Mombasa pia.

Barua yenye saini naileta mwenyewe asubuhi pamoja na karatasi ya polisi. Ada kateni humo humo akauntini. Cheki nyengine za kitabu hicho zote ninazo, msizizuie. Kama imeshalipwa nambieni saa ngapi na nani kachukua.

Fundi nishamwambia, hata ikipatikana haitumiki, lakini siwezi kumwandikia nyengine mpaka mnijibu kwa maandishi kuwa mmeifunga.

Mwenye akaunti, duka la vifaa vya mashua, Langoni, Lamu
10/6/2025