Ombi la Kiti cha Magurudumu na Chakula Maalum, Safari ya Nairobi–New York

Zainab Omar Hamisi,
South C, Nairobi.
Septemba 28, 2026

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: USAIDIZI WA KITI CHA MAGURUDUMU NA CHAKULA MAALUM, TIKETI KX7PQM

Nitasafiri na ndege yenu ya usiku wa Ijumaa, Oktoba 16, kutoka JKIA hadi JFK, New York, kumtembelea binti yangu. Nina umri wa miaka 69 na ninasafiri peke yangu.

Goti langu la kulia lilifanyiwa upasuaji mwezi Machi. Kwenye sakafu tambarare natembea polepole kwa mkongojo, hata hadi chooni, lakini ngazi siziwezi kabisa. Wakala aliyenikatia tiketi aliniwekea WCHR. Naomba ibadilishwe iwe WCHS, maana wa WCHR huhesabiwa kuwa anaweza kupanda ngazi mwenyewe. Ndege ikiegeshwa mbali na jengo tukapelekwa kwa basi, mimi nitabaki chini nikiitazama tu. Ikiwa hivyo ndivyo itakavyokuwa, gari la kuinulia abiria liagizwe mapema.

Kiti cha magurudumu nakihitaji tangu kaunta ya mizigo hadi mlangoni pa ndege, na vivyo hivyo JFK, ambako foleni ya uhamiaji ni ndefu. Tafadhali mhudumu asiniache langoni na kuondoka na kiti. Shirika jingine liliwahi kunifanyia hivyo, nikashikwa mikono na abiria nisiowajua. Ndani ya ndege, nipeni kiti cha kando ya njia, karibu na choo, ambacho egemeo lake la mkono huinuka.

Sasa chakula. Nina kisukari na pia ni Mwislamu, lakini tovuti yenu iliniruhusu kuchagua aina moja pekee. Nimechagua DBML. Naomba jikoni waelezwe kwamba nyama iwe halali. Kama haiwezekani, nipeni samaki au dengu, nami nitashukuru vilevile. Sitaki kubadilishiwa MOML, kwa sababu chakula kuwa halali hakukizuii kuja na wali mwingi na keki tamu.

Hudunga insulini muda mfupi kabla ya kula. Katika safari ya zaidi ya saa kumi na nne, mhudumu akinijulisha kwamba chakula kinakaribia itanisaidia sana, kwani nikidunga kisha kikachelewa, sukari itashuka. Dawa na sindano zitakuwa kwenye mkoba wa mkononi. Haziwezi kwenda na mizigo ya chini, kwa kuwa insulini ikiganda huharibika.

Naomba mnijibu kwa maandishi kufikia Oktoba 9, kupitia baruapepe iliyo kwenye tiketi, mkitaja WCHS na DBML zote mbili. Nitaichapisha niende nayo kaunta.

Wenu mwaminifu,

Zainab Omar Hamisi

Viambatisho: barua ya daktari, nakala ya tiketi.